Tiketi ni tiketi, dau ni dau

Vijana wawili wa Rumonge wanaweza kucheza namba zilezile, za droo ileile, usiku mmoja, namba zikatoka kama walivyozipanga, na bado haki zao zikawa mbalimbali kabisa. Wa kwanza alinunua tiketi kwa wakala wa bahati nasibu yenyewe. Wa pili aliingia kwa simu kwenye tovuti ya kubeti, akachagua namba, akalipa, akapata ujumbe wa kumpongeza. Yeye naye anaamini amenunua tiketi. Hana tiketi. Alichonacho ni dau: amebishana na mwenye tovuti kwamba namba fulani zitatoka katika droo inayoendeshwa na watu wengine kabisa.

Jambo hili halielezwi vya kutosha, na wanaofaidika na ukimya huo ni wenye tovuti. Ukurasa wao unaweka jina la droo kubwa ya Ulaya, rangi zake na kiasi cha jackpoti yake, kisha kitufe cha kulipia. Mvuvi wa ndagala au muuza mawese atajuaje kwamba waendeshaji wa droo hiyo hawajawahi kupokea hata faranga moja yake? Akishinda akawaandikia, watamjibu kwa heshima kwamba jina lake halimo katika mauzo yao. Nao watakuwa wanasema kweli.

Tuanze na mahali fedha ya zawadi inapotoka, maana hapo ndipo hatari ilipo. Katika droo ya Ujerumani ya namba 6 kati ya 49, nusu ya fedha za mauzo huwekwa kapuni kwa ajili ya zawadi, na washindi wa kila daraja, isipokuwa la chini kabisa, hugawana fungu la daraja lao. Wakiwa wengi, kila mmoja hupata kidogo. Kapu haliwezi kudaiwa zaidi ya kilichomo, kwa kuwa juu ya daraja hilo la chini hakuna aliyeahidiwa kiasi maalumu.

Tovuti ya dau hufanya kinyume. Chukua mfano wa tovuti inayokuambia uchague namba tatu tu katika droo hiyo, zikitoka zote utalipwa mara 600 ya dau lako. Uwezekano wa namba tatu ulizochagua kuwa miongoni mwa sita zitakazotoka ni mmoja kati ya 921. Kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa kama mara 921, na ile tofauti ndiyo faida ya mwenye tovuti. Hilo si kosa, biashara ni biashara.

Sasa watu hupenda namba za aina moja: siku za kuzaliwa, saba na vizazi vyake. Tuseme watu 40 kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac wameweka faranga 2,000 kila mmoja kwenye 7, 14 na 21. Tovuti imepokea kwao faranga 80,000. Namba zikitoka, kila mmoja anadai 1,200,000, na jumla ni milioni 48. Ili milioni hizo zitoke kwenye madau ya walioshindwa, zinahitajika dau nyingine 24,000 za faranga 2,000. Kampuni kubwa yenye wateja wa nchi nyingi italimudu hilo. Kampuni ndogo iliyofunguliwa mwaka jana, yenye seva visiwani na wakala mmoja sokoni, itafunga simu.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Zipo kampuni za namna hii zinazolipa. Lottoland ya Gibraltar ililipa yuro milioni 90 mwaka 2018 kwa mwanamke wa Berlin aliyebeti juu ya Eurojackpot, na iliweza kwa sababu kampuni za aina yake hukata bima ya jackpoti kubwa. Lakini angalia maana yake: mshindi anategemea bima ambayo hajaiona, yenye masharti ambayo hajayasoma. Na hata huko kwenye nchi tajiri biashara hii haikuachwa hivihivi. Australia iliipiga marufuku kuanzia Januari 2019, na Uingereza hairuhusu kubeti juu ya bahati nasibu yake ya taifa.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Zawadi ikitangazwa kwa yuro, italipwa faranga kwa kiwango kipi? Kila mfanyabiashara wa mwambao huu anajua umbali uliopo kati ya kiwango cha benki na kile cha mtaani. Tovuti iliyopokea faranga zako kwa hesabu yake inaweza kukulipa kwa hesabu nyingine, na sharti hilo limeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza mwishoni mwa ukurasa. Hapohapo tafuta maneno "gain maximum". Hicho ndicho kiwango cha juu watakacholipa, hata kama jackpoti iliyopambwa juu ni kubwa mara mia.

Na usiponunua tiketi, utamshitaki nani, wapi? Sheria zetu za mikataba zimetoka katika ukoo wa Kibelgiji na Kifaransa. Katika ukoo huo, kifungu cha 1965 cha Kanuni za Kiraia za Ufaransa za mwaka 1804 kinasema wazi kwamba sheria haimpi mtu haki ya kushitaki kwa deni la mchezo wa kamari au malipo ya dau. Yaani dau ambalo halikuhalalishwa na sheria maalumu ni ahadi ya mdomo tu. Kabla ya kumpa mwanasheria faranga zako, muulize kwanza kama tovuti hiyo ina kibali cha Burundi.

Wakenya walionja jambo la jirani na hili Julai 2019. Serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, na kampuni za simu zikaagizwa kuzifungia namba za malipo. Kampuni hizo zilikuwa na ofisi Nairobi na majina yaliyoandikwa kwenye jezi za mpira. Hata hivyo wateja walilazimika kukimbilia kutoa salio lao kabla mlango haujafungwa. Je, tovuti isiyo na ofisi hata moja kutoka Kigoma hadi Uvira?

Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, Uganda ina bodi yake, sisi tuna LONA, bahati nasibu ya taifa. Lakini kibali cha kila mmoja kinaishia mpakani, ilhali mchuuzi anayevuka kwenda Kigoma ana laini mbili mfukoni na anacheza kwa yoyote. Ninachodai ni vitu viwili. Kwanza, orodha moja ya tovuti zenye kibali katika nchi wanachama, isomeke kwa Kiswahili na ipatikane kwa ujumbe mfupi wa simu. Pili, anayeuza dau juu ya droo ya mtu mwingine alazimishwe kuandika neno DAU juu ya kila risiti, na aweke fedha za zawadi kwenye akaunti ya benki ya nchi anamouzia, ambayo yeye mwenyewe hawezi kuigusa.

Wakati orodha hiyo inasubiriwa, risiti yako inaweza kukuambia mengi. Tiketi halali ina namba ya mfululizo iliyotolewa na mwendeshaji wa droo, naye anaweza kuithibitisha ukimpigia. Kama risiti ina namba ya tovuti peke yake, anayekudaiwa ni tovuti hiyo peke yake. Jaribu pia kutoa ushindi mdogo kabla ya kuweka dau lingine. Tovuti inayopokea faranga 2,000 kwa sekunde mbili, kisha inataka wiki tatu na nakala ya pasipoti ili ikulipe 15,000, haitakupa milioni.