Landilodi Anakula Kodi, ama Kodi Inamla?

Kila nikisema naweka pesa kwa bondi, kuna mtu ananiambia, "Buda, jenga keja. Nyumba hailali." Sawa. Wacha tupige hesabu ya nyumba ya binamu yangu huko Ruaka, chumba kimoja cha kulala.

Alinunua kwa milioni 4.5. Ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani 180,000, na wakili akachukua 70,000. Hapo ni milioni 4.75. Kodi ni 30,000 kwa mwezi, so watu wanasema anakunja 360,000 kwa mwaka. Kwa karatasi, karibu asilimia 8.

Sasa ngoja. Mpangaji alihama, na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja na nusu. Imebaki 315,000. KRA huchukua asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, na haijali umetengeneza nini: 23,625. Ajenti anakata asilimia 8: 25,200. Walinzi, taka na taa za ngazi ni 3,000 kila mwezi: 36,000. Mpangaji kuhama kuliacha sinki inavuja na kuta zimechafuka: 35,000. Kilichobaki ni 195,175. Hiyo ni asilimia 4.1 ya pesa aliyoweka.

Na hiyo ni kama angelipa kesh. Milioni 3 ilikuwa mkopo wa benki, riba asilimia 14, miaka 15. Anarudisha karibu 40,000 kila mwezi, na nyumba inampa kama 16,000. Ile 24,000 nyingine inatoka kwa mshahara. Mazee, nyumba ndiyo imemwajiri yeye.

Pesa yake mwenyewe ilikuwa milioni 1.75. Bondi ya miundombinu, ile isiyokatwa ushuru kwa riba, ikilipa asilimia 12 ingempa 210,000 kwa mwaka. Bila mkopo, bila fundi. Na ile ya Februari 2024 ililipa zaidi ya asilimia 18, ingawa hiyo ilikuwa bahati ya msimu.

Najua mtasema bei ya nyumba itapanda. Inaweza. Lakini kushinda bondi ya 12, hata kwa kesh, lazima ipande kama asilimia 8 kila mwaka, na hiyo faida huioni mpaka uuze, ukatwe asilimia 15 ya faida.

Soko pia si malaika. Ukiuza bondi mapema wakati riba zimepanda, utapata hasara. Hisa ndiyo usiniambie: ya Safaricom ilipita 40 mwaka wa 2021, na 2023 ikawa chini ya 15.

Ukiwa na ploti ya urithi na unajenga pole pole bila mkopo, hesabu yako ni tofauti, jenga. Lakini ukikopa kwa 14 kununua kitu kinacholeta 4, usiniite mvivu juu sina keja. Kabla ya kusaini, toa mwezi mmoja na nusu ya kodi, toa fundi, toa ajenti, toa KRA. Halafu linganisha na riba ya benki. Hiyo tu.