Mtoto kaumwa? Sema mtoto kaumwa

Meseji ya msimamizi inaingia saa moja asubuhi: "Jana hukuja. Unasema ulikuwa na shida, shida gani? Nataka uthibitisho." Mkono unatetemeka, na kabla hujapiga mswaki umeshajibu kwa sauti ya dakika tatu, ukianza na miaka uliyoitumikia kampuni na kumaliza na Mungu anayeona.

Umeulizwa karatasi, ukajibu kwa machozi. Sasa anakutilia shaka maradufu.

Tuchukue kisa kinachojirudia kila wiki. Karani wa stoo, Dar es Salaam, amekesha na mtoto mwenye homa, alfajiri akampeleka zahanati. Kwa kudhani kuuguza mtoto si sababu inayokubalika kazini, akamwandikia msimamizi: "Naumwa." Hapo ndipo alipojifunga. Kesho yake anadaiwa ED, na ED hana, kwa sababu daktari hakumpima yeye. Ana kadi ya mtoto yenye tarehe ya jana na muhuri wa zahanati, pamoja na risiti ya dawa. Vyote ni vya kweli, ila havilingani na alichosema. Ndipo anapoanza kuulizia nani anauza ED.

Hakukuwa na haja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini angalau siku 4 za likizo yenye malipo, katika mzunguko wa miezi 36, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Ni chache, lakini zipo. Kifungu hichohicho kinamruhusu mwajiri kutaka uthibitisho unaoridhisha kabla ya kulipa. Kwa hiyo anayekuuliza hajakutukana. Huenda kauliza kwa ukali, ndiyo, lakini ukali wake usiujibu wewe. Jibu swali.

Jibu lenyewe halizidi sentensi tano: "Shikamoo bosi. Jana, Jumanne, sikuja kwa sababu mwanangu alipata homa usiku, nikampeleka zahanati alfajiri. Nilikuandikia kuwa naumwa; nilikosea, aliyeumwa ni mtoto. Kadi yenye muhuri na risiti ninavyo, nitavileta ofisini leo saa mbili. Naomba siku hiyo ihesabiwe kwenye likizo ya kuuguza mtoto." Basi. Jina la jirani aliyekukopesha nauli halihusiki, wala idadi ya mara mtoto alizotapika.

Sentensi ya kusahihisha ndiyo ngumu, na ndiyo watu wanaikwepa. Wanaona bora kununua karatasi kuliko kuandika "nilikosea". Lakini ED ina jina la kituo, na msimamizi akipiga simu kuuliza kama mtu huyo alionwa siku hiyo, kesi inabadilika. Siku moja ya kutokuja kazini kwa kawaida inaishia kwenye onyo. Hati ya kughushi ni udanganyifu, na kwa udanganyifu watu wanafukuzwa kazi.

Ukiwa umeumwa wewe mwenyewe, nenda kituoni siku hiyohiyo. Daktari aliyekuona Alhamisi hana namna nzuri ya kuandika kwamba Jumanne hukuweza kusimama. Cheti usipokuwa nacho, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo za ugonjwa. Ukikipata, kinatosha kuonyesha kwamba umeonwa na daktari na umepumzishwa siku ngapi. Majibu ya maabara yabaki nyumbani. Akiyataka, mwambie kwa upole: "Bosi, cheti hiki kina muhuri wa kituo, unaweza kuwapigia kukithibitisha. Ugonjwa wenyewe naomba ubaki kati yangu na daktari." Kisha nyamaza. Akiandika tena kwa hasira, usirudie maelezo. Mwambie karatasi iko mezani kwake.

Na karatasi usiiache mezani hivihivi. Ipige picha kwanza, nakala isainiwe na aliyeipokea, pamoja na tarehe. Tumesikia mara nyingi mno "sijaona kitu" baada ya mshahara kukatwa.

Nanyi wasimamizi, uthibitisho ombeni, ni haki yenu, lakini semeni ni upi. "Lete ushahidi" si maelekezo. "Lete kadi ya kliniki ya mtoto au risiti yenye tarehe, kabla ya Ijumaa" ni maelekezo. Na msiyaulize hayo kwenye grupu la WhatsApp la idara nzima. Mtu akihojiwa mbele ya wenzake thelathini hajibu swali tena, anajitetea. Mpigieni pembeni.

Karani wetu, kwa leo, ana kadi na ana risiti. Aache kutafuta muuza ED, apande daladala.