Karatasi ya mzungumzaji isigeuke hotuba



Mwaka jana nilisimama mbele ya wazazi wa madrasa yetu kueleza habari ya paa linalovuja. Nilikuwa nimeandika kurasa nne, sentensi baada ya sentensi, nikazisoma zote bila kuinua uso. Nilipomaliza, hakuna aliyeuliza swali wala aliyeahidi mchango, na kikao kikaahirishwa. Mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu, karatasi yako imesema vizuri. Wewe hatukukusikia."

Nilirudi nyumbani nikaitazama karatasi ile, nikaona kosa lilipo. Sentensi iliyokamilika hulivuta jicho, na jicho likishaangukia hapo, ulimi huufuata wino. Aya yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Paa la madrasa limechakaa kwa muda mrefu, na wakati wa masika tulilazimika kuwahamisha watoto kwenda kibarazani, jambo lililoathiri masomo yao." Aya hiyo haikuniachia lolote la kusema ila kuisoma.

Kikao cha pili kilipoitishwa, nilianza kwa njia nyingine. Kabla ya kushika kalamu nilimweleza mke wangu habari yote kwa mdomo, kama mtu anayesimulia. Kisha nikaandika maneno yale tu yaliyonikumbusha nililosema. Aya ile ndefu ikawa mistari hii:

PAA
Masika – ndoo tatu – kibarazani
Gharama 2,800,000
Mkononi 1,150,000
Pungufu 1,650,000
(Nyamaza. Watazame.)

Angalia kwamba mistari hiyo haina kitenzi, isipokuwa maagizo yangu mwenyewe yaliyo ndani ya mabano. Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Ukiandika "tuliwahamisha", umekwisha kuandika sentensi nzima, nawe utaisoma. Ukiandika "kibarazani", huna budi kuwatazama watu na kuiunda sentensi mwenyewe.

Angalia pia neno "ndoo". Ningeweza kuandika "uchakavu wa jengo", lakini neno hilo halina picha, na mtu akiliona hujikuta hana la kusema zaidi ya kulirudia. Ndoo tatu nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, zimewekwa kati ya mikeka kukinga maji. Nilipolitupia jicho neno hilo, maelezo yalikuja yenyewe. Neno la kukumbushia na liwe kitu kilichoonekana au kusikika, si jina la mada.

Hata hivyo, si kila kitu kifupishwe. Tarakimu niliziandika kamili, kwani kumbukumbu huzikosea na wazazi wana haki ya hesabu sahihi. Vivyo hivyo majina ya watu wanaoshukuriwa. Ama aya ya Qur'ani au hadithi, hiyo huandikwa neno kwa neno na husomwa, kwa kuwa hapo kusoma ndiyo amana yenyewe. Niliandika kamili pia sentensi ya mwisho yenye ombi, maana mzungumzaji aliyechoka huzungukazunguka asijue pa kutua.

Kuhusu umbo lake, nilikata karatasi ya A4 vipande viwili, nikatumia upande mmoja tu, hoja moja kwa kila kipande, na namba pembeni ili vikianguka visichanganyike. Herufi zilikuwa kubwa kiasi cha kusomeka kipande kikiwa mezani nami nimesimama. Ukilazimika kukiinua usoni, umekwisha kurudi kwenye kusoma.

Baki kipimo kimoja. Iache karatasi ilale usiku mmoja, kisha asubuhi izungumzie kwa sauti. Ukikwama mahali, ongeza neno moja, wala usiongeze sentensi, kwa maana muhtasari uliobanwa mno huwa kitendawili hata kwa aliyeuandika. Kisha mpe mtu mwingine aisome kwa sauti. Akieleweka vizuri kama aliyekuwa akihutubia, bado ni hotuba, ipunguze. Karatasi njema haimfai mtu mwingine, kwani nusu ya maneno imo kifuani mwako.

Katika kikao kile cha pili, nilipofika penye "Nyamaza", nilinyamaza kweli, nikawatazama wazazi. Mama mmoja akauliza bati moja ni bei gani. Nilikuwa na jibu: shilingi 32,000. Akasema, "Niandikie mawili." Swali lile lisingepata nafasi kama macho yangu yangekuwa kwenye karatasi.