Shorana ni nani? Mgomo wa Hollywood wa 2023 ulivyoonyesha anayeshika usukani wa tamthilia

Tarehe 2 Mei 2023, waandishi wa filamu na tamthilia za televisheni nchini Marekani waliweka kalamu chini. Siku chache baadaye, ndugu wawili waliobuni tamthilia ya Stranger Things, Matt na Ross Duffer, walitangaza kwamba upigaji picha wa msimu wa tano hautaanza hadi mgomo uishe. Sababu waliyoitoa ilikuwa fupi: uandishi hauishi pale kamera zinapowashwa.

Wakati huohuo, nchini Uingereza, kamera za tamthilia nyingine ya Kimarekani, Andor, ziliendelea kufanya kazi. Maandishi ya msimu wake wa pili yalikuwa yamekwisha kukamilika na waongozaji walikuwa kazini. Lakini mwezi huohuo wa Mei, Tony Gilroy, mwenye tamthilia hiyo, naye alijiondoa katika kila shughuli ya utayarishaji baada ya kulaumiwa na waandishi wenzake.

Mtazamaji wa kawaida anaweza kuuliza: kama mwongozaji yupo, waigizaji wapo na fedha zipo, kwa nini kuondoka kwa mwandishi kuzue mtafaruku? Jibu liko katika cheo kimoja ambacho hakiandikwi kwenye orodha ya majina inayopita mwisho wa kipindi. Waamerika humwita shorana, yaani mtu anayeendesha tamthilia nzima, kuanzia wazo la kwanza hadi sauti ya mwisho inayowekwa kwenye picha.

Watu wanne, kazi nne

Katika sinema, mwongozaji, ambaye Wakongo wengi humwita kwa Kifaransa realizateri, ndiye mkubwa. Katika tamthilia ya televisheni ya Kimarekani mambo ni kinyume. Mwongozaji mara nyingi ni mgeni anayekuja kwa sehemu moja au mbili, kisha anaondoka. Shorana ndiye mwenyeji.

Mfano mzuri ni Breaking Bad, tamthilia ya sehemu 62 iliyoonyeshwa kuanzia 2008 hadi 2013. Sehemu yake inayosifiwa kuliko zote, Ozymandias, ilirushwa Septemba 2013. Iliandikwa na Moira Walley-Beckett, ambaye alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Iliongozwa na Rian Johnson. Vince Gilligan hakutajwa kama mwandishi wala mwongozaji wa sehemu hiyo. Hata hivyo Gilligan ndiye aliyekuwa shorana, na hakuna kilichoingia katika sehemu hiyo bila idhini yake.

Kazi ilianzia kwenye chumba cha waandishi huko Burbank, California. Hapo Gilligan na waandishi wake walikaa majuma kadhaa wakiijenga sehemu moja, tukio baada ya tukio, wakibandika kadi ukutani hadi kila hatua ya mhusika ieleweke. Hadithi ikishakubalika ndipo mwandishi mmoja anapewa kwenda kuiandika. Akirudi na muswada, shorana huusoma, huagiza mabadiliko, na mara nyingi hupitia mwenyewe kila mstari ili tamthilia yote isikike kama imetoka kinywani mwa mtu mmoja.

Baada ya hapo ndipo mwongozaji anaingia. Kwa tamthilia ya saa moja, huwa na takriban juma moja la maandalizi, kisha siku 7 hadi 10 za kupiga picha. Kabla ya kuanza, shorana hukaa naye na kupitia muswada ukurasa kwa ukurasa: hapa mhusika anadanganya, hapa anaogopa, jambo hili lisionekane sasa kwa sababu litafichuka sehemu tatu mbele. Mwongozaji ana uhuru mkubwa wa kuchagua kamera ikae wapi na mwigizaji asogee vipi. Lakini hawezi kubadilisha hatima ya mhusika.

Picha zikishapigwa, kanuni za chama cha waongozaji cha Marekani humpa mwongozaji siku 4 za kukata na kuunganisha sehemu ya saa moja jinsi anavyoona yeye. Siku hizo zikiisha, picha zinakwenda kwa shorana. Yeye ndiye anayeamua, pamoja na studio na kituo cha televisheni, tukio lipi libaki, lipi litupwe na muziki uingie wapi. Katika sinema, kwa kawaida mwongozaji hupewa majuma 10 kwa kazi hiyo. Siku 4 dhidi ya majuma 10: tofauti hiyo peke yake inaonyesha usukani uko kwa nani.

Mtayarishaji je?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu kwenye orodha ya majina shorana huitwa mtayarishaji mtendaji. Cheo hicho wanaweza kupewa watu kumi katika tamthilia moja: mwigizaji maarufu, mwakilishi wake, mtu aliyenunua haki za kitabu, au mkuu wa kampuni. Katika Breaking Bad, Mark Johnson alikuwa mtayarishaji mtendaji kama Gilligan. Lakini hakuwa yeye aliyeongoza chumba cha waandishi.

Yupo pia mtayarishaji wa kazi za kila siku, anayeshika bajeti na ratiba. Huyu ndiye anayesema kwamba tukio la usiku jangwani litagharimu siku mbili badala ya moja. Hawezi kuliondoa peke yake. Humwendea shorana, naye huchagua: kulifuta, kulihamishia ndani ya nyumba, au kulilipia kwa kupunguza jambo jingine. Uamuzi huo ni wa fedha na wa hadithi kwa pamoja, na ndiyo maana unahitaji mtu anayejua vyote viwili.

Mwandishi mkuu naye anaongoza waandishi na kulinda hadithi. Akiishia hapo, bila mamlaka juu ya bajeti, uteuzi wa waigizaji na uhariri wa picha, bado hajawa shorana. Uingereza inaonyesha mpaka huo vizuri: Russell T Davies alipoirudisha Doctor Who mwaka 2005, alikuwa na vyeo viwili kwa wakati mmoja, mwandishi mkuu na mtayarishaji mtendaji. Vyeo hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja, ndipo shorana anapopatikana.

Mgomo ulimkata mtu vipande viwili

Kwa hiyo mgomo wa 2023 uliwaweka mashorana mahali pagumu. Kama wanachama wa chama cha waandishi, walitakiwa kugoma. Kama watayarishaji, walikuwa na mikataba na studio, na baadhi ya studio ziliwaandikia barua kuwakumbusha kwamba kazi za utayarishaji haziko chini ya mgomo.

Ubishi ulihusu mambo yanayoonekana madogo: kupunguza muswada ili utoshee muda, kurekebisha maneno machache ya mhusika kabla ya kupiga picha, kubadilisha maelekezo ya jukwaani, au kuziba pengo linapotokea jambo lisilotarajiwa. Studio zilisema mambo hayo si uandishi, kwa kuwa hata mtayarishaji asiye mwandishi anaweza kuyafanya. Chama kilisema mwanachama wake hapaswi kuyagusa wakati wa mgomo.

Katika maisha ya kila siku ya upigaji picha, mpaka huo ni mgumu kuuona. Mvua ikinyesha na mazungumzo ya barabarani yakahamishiwa ndani ya gari, mtu fulani lazima aamue wahusika waseme nini sasa. Je, huo ni utayarishaji au uandishi? Shorana hufanya yote mawili katika pumzi moja. Ndiyo maana ndugu Duffer walisema hawawezi kuanza. Andor iliweza kuendelea kwa sababu maandishi yalikuwa yamekamilika mapema, lakini mkono wa mwenyewe haukuwepo tena.

Nani atawafundisha wanaofuata?

Nyuma ya ugomvi huo kulikuwa na hofu kubwa zaidi. Hakuna chuo kinachotoa shorana aliyekamilika. Gilligan alijifunza akiwa mwandishi wa The X-Files. Yeye naye aliwapeleka waandishi wake Albuquerque, mahali pa kupigia picha, kusimamia sehemu walizoandika. Mmoja wao, Peter Gould, baadaye akawa shorana wa Better Call Saul, kwanza pamoja na Gilligan, kisha peke yake.

Miaka ya huduma za video za mtandaoni ilikata mnyororo huo. Studio zilianza kuajiri waandishi wachache kwa majuma machache, kukusanya miswada yote, kisha kuwaachisha kazi kabla ya kamera kuwashwa. Shorana alibaki peke yake na mzigo wote. Mwandishi kijana aliondoka bila kuona seti wala chumba cha uhariri. Alijua kuandika mvua, lakini hakujua mvua inagharimu kiasi gani.

Mgomo ulimalizika tarehe 27 Septemba 2023, baada ya siku 148. Mkataba mpya uliweka idadi ya chini ya waandishi: 3 kwa msimu usiozidi sehemu 6, 5 kwa sehemu 7 hadi 12, na 6 kwa sehemu 13 au zaidi. Pia ulitaka waandishi wasiopungua wawili wabaki kazini wakati wa upigaji picha, kwa majuma 20 au hadi kazi iishe, lolote lililo fupi. Kuna mlango mmoja ulioachwa wazi: shorana anayeandika sehemu zote peke yake halazimiki kuajiri wengine.

Mkubwa ana mkubwa wake

Pamoja na mamlaka yote hayo, shorana si mwenye mali. Frank Darabont aliandika na kuongoza sehemu ya kwanza ya The Walking Dead mwaka 2010, akaiendesha hadi ikawa na watazamaji wengi. Julai 2011, msimu wa pili ukiwa katika utayarishaji, kituo cha AMC kilimwondoa. Glen Mazzara, aliyekuwa katika chumba cha waandishi, akashika nafasi yake, na tamthilia ikaendelea kwa misimu mingi. Darabont alikwenda mahakamani kudai sehemu yake ya faida, na mwaka 2021 AMC ikakubali kumlipa yeye na wakala wake dola milioni 200.

Kisa hicho kinaonyesha mambo mawili. Kituo kinaweza kumbadilisha shorana hata katikati ya msimu, kwa sababu mfuko wa fedha haumo mikononi mwake. Lakini kiti chenyewe hakikukaa wazi. AMC haikukiweka chini ya mwongozaji aliyekuwa kwenye seti siku hiyo wala mtunza bajeti. Ilimtafuta mwandishi mwingine aliyejua pia kutayarisha, na ilimpata kwa sababu alikuwa tayari amekaa chumbani akijifunza.