Hesabu Ianzie Sakafuni

Ndugu wafanya kazi wa stoo,

Mali isipoonekana, wa kwanza kuulizwa ni yule aliyetumwa kuitoa, hata kama mali yenyewe iko rafuni. Kwa hiyo twataka kila mahali pawe na jina moja, kwenye rafu na katika daftari.

Tazama B-04-2. B ni ujia, 04 ni rafu, 2 ni ngazi. Lakini ngazi ya pili kutoka wapi? Rafu ikiwa na ngazi tano, karani akahesabu toka juu na mtoaji mali toka chini, 2 ya karani ni 4 ya mtoaji. Ngazi ya 3 peke yake hupatana, na anayejaribu hiyo tu atadhani yote ni sawa.

Hesabu ianzie sakafuni. Sakafu haihami, bali juu huongezwa ngazi. Tena rafu iandikwe 04, si 4, kwa maana kompyuta ikipanga majina kama maneno huweka 10 mbele ya 4.

Vibao vikiisha kubandikwa, karani na mtoaji wapite pamoja, mmoja akisoma daftari, mwingine kibao. Hilo litangulie kabla mtu hajakatwa mshahara.