Asilimia Isituue Chooni

Muhula uliopita jirani yangu wa hosteli alitoka bafuni mbio, macho yanachuruzika machozi, anakohoa kama kameza pilipili. Alikuwa anadeki kwa jiki. Tulidhani amechanganya na dawa nyingine, kumbe wapi! Jamaa alikuwa amepiga hesabu kabisa, tena kwa kalamu na karatasi. Kosa lake lilikuwa moja tu: chupa imeandikwa asilimia 3.5, yeye akasoma miligramu 3.5 kwa mililita.

Ndugu zangu, tusimcheke. Nimewauliza wenzangu darasani, na wengi wangefanya vilevile. Ndiyo maana nasema: kabla hujamimina tone moja la dawa kwenye ndoo, geuza kwanza asilimia iwe miligramu kwa mililita. Ukiruka hatua hiyo, unabahatisha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Asilimia 3.5 maana yake ni gramu 3.5 za dawa ndani ya kila mililita 100 za kimiminika. Gramu 3.5 ni miligramu 3,500. Zigawe kwa mililita 100, unapata miligramu 35 kwa mililita. Kwa kifupi, asilimia unaizidisha kwa 10, basi. Ukisahau, kumbuka maji: mililita moja ina uzito wa miligramu 1,000 hivi. Asilimia moja ya hizo ni miligramu 10, siyo moja.

Sasa turudi bafuni. Kwa sakafu na vitasa vya milango, kiwango kinachotumika sana ni asilimia 0.1, yaani miligramu 1 kwa mililita. Jirani alitaka lita moja ya mchanganyiko huo, kwa hiyo alihitaji miligramu 1,000 za dawa. Hapo alikuwa sahihi. Kisha akagawa 1,000 kwa 3.5, akapata mililita 286, akazimimina zote. Angegawa kwa 35 angepata mililita 29, ambazo ni kama vijiko sita vya chai, halafu akajaza maji mpaka lita moja. Alichodekia kilikuwa na nguvu mara kumi ya alichokusudia, tena kwenye bafu lisilo na dirisha. Dalili ya kosa ilikuwa mbele ya macho yake: zaidi ya robo ya chupa ilikuwa jiki tupu. Ukiona hivyo kwa kazi ya kudeki tu, weka chini, rudia hesabu.

Kuna watakaosema, "Aa, mambo ya miligramu ya nini, si kifuniko kimoja tu kinatosha?" Kifuniko cha chupa ipi? Dukani kuna za asilimia 3.5, na kuna za asilimia 5, yaani miligramu 50 kwa mililita. Kipimo cha kijiko ulichopewa na aliyetumia ya 5 kitakuwa dhaifu kwako mwenye ya 3.5. Na udhaifu nao una gharama yake. Mwenzako akitapika au kuharisha chumbani wakati wa kipindupindu, au damu ikimwagika, kiwango kinapanda hadi asilimia 0.5, yaani miligramu 5 kwa mililita. Kwa lita moja hizo ni miligramu 5,000. Gawa kwa 35: mililita 143. Ukitumia vile vijiko sita vya kudekia, utasikia harufu ya usafi, lakini vimelea vinaweza kubaki hai.

Nakiri, hesabu haimalizi kila kitu. Jiki inapoteza nguvu ikikaa muda mrefu, hasa kwenye joto na jua, hivyo chupa iliyokaa dirishani tangu bumu la kwanza haina tena miligramu 35 ilizoandikiwa. Ukishaichanganya na maji, itumie siku hiyohiyo. Uchafu uondoe kwanza kwa sabuni na suuza, maana uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini. Hapo hata hesabu sahihi haikuokoi.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Mnapogawa dawa hosteli, msiishie kubandika tangazo la "tumia kwa uangalifu". Bandikeni kwenye kila galoni namba moja, ya miligramu kwa mililita, pamoja na kikombe cha kupimia kama kile cha dawa ya kikohozi. Jirani yangu hakukosa uangalifu. Alikosa sifuri moja.