Miguu Isiyotulia Usiku na Neno "Kawaida" Katika Karatasi ya Maabara

Mama mmoja wa miaka 38, muuza vitenge, alifika kliniki akiwa amechoka kwa sababu ambayo mwenyewe aliona haya kuieleza. Kila usiku, mara alipojilaza, alihisi kama sisimizi wanatambaa ndani ya miguu yake, si juu ya ngozi bali ndani kabisa, kati ya goti na kifundo. Hayakuwa maumivu hasa. Ilikuwa ni hali ya kutostahimilika iliyomlazimu kuinuka na kutembea ukumbini hadi saa nane za usiku. Akitembea, hali hutoweka. Akirudi kitandani, hurudi. Alikuwa ameacha kusukwa nywele jioni kwa kuwa hakuweza kukaa kitako kwa saa mbili, na safari ya basi ilikuwa mateso. Shemeji yake alishauri apelekwe kwa mganga wa kienyeji.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupimwa mahali pengine. Sukari ilikuwa sawa. Wekundu wa damu ulikuwa gramu 12.3, na karatasi ikaandikwa "kawaida". Akapewa vitamini za kundi B pamoja na amitriptilini miligramu 25 kila usiku, kwa dhana kwamba neva za miguu zimeathirika. Siku za kwanza alipata usingizi kidogo. Baada ya wiki tatu sisimizi walianza kutambaa mapema zaidi, tangu saa kumi na moja jioni, na wakafika mikononi.

Ugonjwa huu si mpya wala si wa kubuni. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza katika karne ya 17, na mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akauchambua kwa kina na kuupa jina la miguu isiyotulia. Hautambuliwi kwa mashine wala kwa picha. Unatambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa. Je, ana hamu isiyozuilika ya kusogeza miguu? Je, hamu hiyo huanza au huzidi akiwa ametulia? Je, hupungua anapotembea au kujinyoosha? Je, huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi? Akijibu ndiyo kwa yote manne, na hakuna sababu nyingine inayoyaeleza vizuri zaidi, utambuzi umekwisha kupatikana. Ganzi ya kisukari haitulii kwa kutembea, na kwa kawaida huanzia nyayoni. Mkakamao wa misuli humshika mtu ghafla, nao huacha msuli ukiwa mgumu kama jiwe. Mama huyu hakuwa na lolote kati ya hayo, ila hakuwa ameulizwa.

Kosa la pili lilikuwa katika lile neno "kawaida". Wekundu wa damu hupima chuma kilichokwisha kutumika kutengeneza chembe nyekundu. Haupimi akiba. Mwili unapopungukiwa na chuma huanza kwa kumaliza ghala lake, na damu hubaki na rangi yake nzuri kwa muda mrefu huku ghala likiwa tupu. Kipimo cha ghala ni feritini. Kwa mama huyu, feritini ilikuwa mikrogramu 11 kwa lita.

Uhusiano wa chuma na miguu hupitia ubongoni. Vipimo vya picha, na uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa waliofariki, vimeonyesha kwamba sehemu fulani za ndani ya ubongo wa watu wenye ugonjwa huu huwa na chuma kidogo kuliko ilivyo kwa wengine, hata pale ambapo damu yao haina upungufu. Chuma huhitajiwa na kimeng'enya kinachotengeneza dopamini, kemikali inayoratibu mwendo wa mwili. Kwa sababu hiyo kiwango cha feritini kinachotosha mwili kwa jumla huenda kisiitoshe miguu hii. Maabara nyingi huiita feritini ya 20 au 30 kuwa ya kawaida. Miongozo ya sasa ya tiba ya ugonjwa huu humtaka daktari afikirie kumpa mtu mzima chuma ikiwa feritini haizidi 75. Tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza wagonjwa wengi, nayo haimo katika karatasi ya majibu. Yapasa iwe kichwani mwa anayeisoma.

Feritini nayo yaweza kudanganya, lakini kwa upande wa pili. Hupanda mtu anapokuwa na malaria, kifua kikuu au uvimbe wowote mwilini, hata ghala likiwa tupu. Inafaa ipimwe asubuhi, mgonjwa akiwa hana homa na akiwa hajameza vidonge vya chuma tangu siku iliyotangulia. Panapokuwa na shaka, kipimo cha asilimia ya transferini iliyobeba chuma husaidia. Ikiwa chini ya 20, upungufu upo. Wala si sahihi kumpa kila mwenye miguu ya namna hii chuma bila kupima. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, kwa mfano, aweza kuwa na chuma kilichozidi kinachoharibu ini na moyo. Zahanati isiyo na kipimo hicho yaweza kutuma sampuli au kumpa mgonjwa rufaa, na barua itaje feritini kwa jina, kwa maana barua inayosema "apimwe damu" itarudi na wekundu wa damu uleule.

Tiba ya mama huyu ilianza kwa kuondoa. Amitriptilini ilisimamishwa kwa maelekezo ya daktari, kwani ni miongoni mwa dawa zinazoweza kuuzidisha ugonjwa huu. Promethazini, ambayo wengi huinunua dukani ili walale, ina tabia hiyo hiyo, na metoklopramidi ya kuzuia kichefuchefu pia. Wajawazito wapo hatarini zaidi: miguu huwasumbua hasa miezi mitatu ya mwisho, nao ndio hupewa dawa hizo mara kwa mara.

Kisha akapewa salfeti ya chuma, kidonge kimoja cha miligramu 200, chenye chuma halisi kiasi cha miligramu 65, siku moja ndiyo na siku moja hapana, kabla ya kula, pamoja na maji ya chungwa. Chai ya rangi aliyozoea kuishushia chakula ilisogezwa saa mbili mbele, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Swali lililobaki lilikuwa chuma kilikuwa kikienda wapi. Hedhi yake ilidumu siku nane na kutoka mabonge, jambo alilolihesabu kuwa hali ya kike tu. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha uvimbe wa nyama katika kizazi. Bila kulitibu hilo, vidonge vingekuwa maji yanayomiminwa katika pakacha.

Chuma cha kumeza hakina haraka, na mgonjwa asipoambiwa hivyo ataacha dawa wiki ya pili. Baada ya wiki 12 feritini ilifika 41, na usiku wa kutembea ukumbini ukapungua kutoka saba hadi miwili kwa wiki. Wapo wasiopata nafuu kwa vidonge, au ambao tumbo huvikataa. Hao huhitaji chuma cha kudungwa mshipani katika hospitali yenye uwezo huo. Wapo pia ambao ghala lao limejaa na miguu bado haitulii, na hao hutibiwa kwa dawa nyingine. Mama huyu anaendelea na vidonge, amepangiwa upasuaji wa uvimbe, na amerudi kusukwa nywele jioni.